Umetumiwa picha ya barua ya kuachishwa kazi? Hivi ndivyo unavyopiga hesabu ya stahiki za mwisho, notisi, likizo na makato

Nimekaa kwenye dawati la mishahara miaka kadhaa kabla ya kuachana na hizo kazi, na mpaka leo ndugu na marafiki wakipewa barua ya kuondoka kazini kitu cha kwanza wanachofanya ni kuipiga picha na kunitumia wasap, halafu chini wanaandika "hebu niangalizie hii hela iko sawa?" Sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona niandike jinsi ninavyofanya mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, ili ukiwa na picha ya barua na kalkuleta ya simu uweze kujua kama umepunjwa au la.

Naongelea Tanzania Bara, mwajiriwa wa kampuni binafsi anayelipwa kwa mwezi, aliyepunguzwa kazi kwa sababu za kampuni yenyewe na siyo kwa kosa. Sheria ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao, na ukikuta mtu mtandaoni anakuambia kiinua mgongo ni siku 15 kwa kila mwaka ujue huyo anaongelea Kenya, usichukue hesabu zake ukaenda nazo kwa mwajiri wako utaaibika bure.

Kwanza picha yenyewe

Watu wanadharau hapa lakini nusu ya makosa niliyoyaona yalianzia kwenye picha. Barua iweke mezani karibu na dirisha, usiishike mkononi, piga kila ukurasa peke yake na pembe zote nne zionekane. Kona ya juu kuna namba ya kumbukumbu na tarehe, chini kuna saini na mhuri, na mara nyingi kuna ukurasa wa pili au kiambatisho chenye jedwali la malipo ambacho watu wanakisahau. Mimi niliwahi kumwambia dada mmoja hesabu yake imekaa vizuri kabisa, kumbe ukurasa wa pili ulibaki kwenye bahasha na huko ndiko kulikokuwa na makato. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni "barua ina kurasa ngapi?"

Ukituma kwa wasap itume kama dokumenti, usitume kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida inabanwa na namba ndogondogo zinavurugika, 3 inakuwa 8, 1 inakuwa 7, na mkato wa elfu unapotea kabisa. Na kama unataka kuitupia kwenye grupu watu wakushauri, ziba kwanza jina lako, namba ya akaunti na namba ya NSSF.

Ukishapata picha inayosomeka, usianze kukokotoa. Chukua karatasi uzinakili namba zote zilizomo kwenye barua, kisha zijumlishe mwenyewe. Jumla yako ikitofautiana na jumla ya barua basi ama umesoma vibaya tarakimu fulani, ama aliyeandika barua amekosea kujumlisha, na yote mawili ni muhimu kuyajua kabla hujaenda mbele. Kesi nitakayoitumia hapa chini nilisoma kiinua mgongo kuwa 806,667 na jumla ikagoma kwa laki mbili kamili, nikarudi kukuza picha nikakuta ni 606,667.

Vitu vya kutafuta ndani ya barua

Tafuta tarehe tatu, maana watu wanaziona kama moja. Kuna tarehe iliyoandikwa juu ya barua, kuna tarehe uliyoipokea mkononi, na kuna siku yako ya mwisho ya ajira. Zikiachana hata kwa siku chache zinabadilisha hesabu ya notisi na ya siku ulizofanya kazi. Tarehe ya kupokea mara nyingi haipo kwenye barua kabisa kwa hiyo iandike wewe kwa kalamu pembeni ya saini yako kabla ya kupiga picha.

Halafu tafuta sababu. Hili ni neno moja au mawili tu lakini ndilo linaloamua kama kiinua mgongo kipo au hakipo. Ukipunguzwa kazi kwa sababu za uendeshaji unapata. Ukiachishwa kwa kosa la nidhamu na utaratibu ukafuatwa sawasawa hupati kiinua mgongo, na notisi nayo inaweza kuondoka, ila mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo yako unabaki nazo, hizo hazifutwi na kosa. Kama mkataba wako ulikuwa wa muda maalumu na umeisha tu wenyewe, napo kiinua mgongo hakuna. Na hata kwenye kupunguzwa, ukipewa kazi nyingine inayofaa ukaikataa bila sababu ya maana unaweza kukikosa.

Kingine ni mshahara, na hapa barua nyingi zinakuwa na ujanja au uvivu, sijui nisemeje. Barua inaandika "mshahara wako" bila kusema ni besiki au ni jumla pamoja na posho. Kwa hiyo usitegemee barua, chukua salari slipu ya mwezi uliopita uiweke pembeni. Utahitaji namba zote mbili kwa sababu stahiki zingine zinahesabiwa kwa mshahara wa msingi na zingine kwa ujira wote.

Kesi yenyewe

Jamaa ni mtunza stoo. Aliajiriwa 3 Septemba 2018, akathibitishwa kazini 4 Machi 2019 baada ya miezi sita ya majaribio. Anafanya kazi siku sita kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumamosi. Besiki yake ni 520,000, kuna posho ya nyumba 80,000 na ya usafiri 40,000, jumla 640,000 kwa mwezi. Mkataba wake unasema notisi ni mwezi mmoja. Amepewa barua 10 Februari 2025, siku ya mwisho 14 Februari 2025, sababu imeandikwa "kupungua kwa shughuli za kampuni". Likizo ya mzunguko uliopita aliimaliza yote, ya mzunguko huu mpya hajagusa hata siku moja.

Barua yake inasema hivi: mshahara wa siku 12 za Februari 295,385. Notisi pamoja na likizo 520,000. Kiinua mgongo cha miaka 5 ni 606,667. Jumla 1,422,052. Toa advansi ya Januari 150,000, toa upotevu wa stoo 410,000, inabaki 862,052 kabla ya kodi na michango.

Ukiitazama haraka inaonekana barua safi tu, ina jedwali, ina mhuri, ina jumla inayokubali. Sasa twende taratibu.

Hatua ya 1: thamani ya siku moja

Hii ndiyo namba mama, ukikosea hapa kila kitu kinachofuata kinakosea. Sheria ina jedwali lake la kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa siku, unagawanya mshahara kwa 4.333 mara idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Hiyo 4.333 ni wastani wa wiki zilizomo ndani ya mwezi. Anayefanya siku sita anapata 26 kasoro kidogo sana ndiyo maana wengi wanasema "gawanya kwa 26". Anayefanya siku tano anapata karibu 21.67.

```
besiki kwa siku  = 520,000 / 26 = 20,000
ujira wote / siku = 640,000 / 26 = 24,615
```

Sasa kwenye barua hakuna mahali wameandika thamani ya siku. Unaijuaje? Unarudi nyuma. Kiinua mgongo wameweka 606,667 kwa miaka 5, kila mwaka siku 7, yaani siku 35. Gawanya 606,667 kwa 35 unapata 17,333. Na 17,333 ndiyo 520,000 gawanya kwa 30. Umemkamata. Wamegawanya kwa siku za kalenda wakati siku wanazolipa ni siku za kazi, na hapo kila siku moja imepungua 2,667. Hii ya kugawa kwa 30 ni kosa la kila mahali, wengine hawafanyi kwa ubaya, ni mfumo wa mishahara umewekwa hivyo tangu zamani na hakuna aliyehoji.

Hatua ya 2: siku ulizofanya kazi

Hesabu kwa kalenda, usikisie. Tarehe 1 Februari 2025 ilikuwa Jumamosi, kisha wiki ya tarehe 3 mpaka 8 ni siku sita, kisha 10 mpaka 14 ni siku tano. Jumla 12. Zidisha kwa ujira wote wa siku, posho zikiwemo, kwa sababu huu ni mshahara wa kawaida wa kazi uliyoifanya. Bila kukata desimali inatoka 295,385. Barua imepatia, na inafurahisha kwamba hapa walitumia 26! Yaani ofisi moja, barua moja, vigawanyo viwili. Kitu kama hiki ukiandika pingamizi kitaje, maana hawawezi kukuambia kwamba 30 ndiyo kawaida ya kampuni.

Hatua ya 3: notisi

Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 kisheria. Mkataba ukisema muda mrefu zaidi unafuata mkataba, ukisema muda mfupi zaidi haisaidii kitu, sheria inabaki palepale. Huyu mkataba wake una mwezi mmoja kwa hiyo ni mwezi mmoja.

Mwajiri ana ruhusa ya kusema "usije kazini, nakulipa hela ya notisi", na ndivyo wengi wanavyofanya. Lakini akichagua hivyo anatakiwa akulipe ujira ule ambao ungeupata kama ungefanya kazi hicho kipindi cha notisi. Ungekuwa kazini ungepata nini? Siyo besiki peke yake, ungepata na posho zako. Kwa hiyo notisi ya huyu jamaa ni 640,000 na siyo 520,000. Tofauti ya 120,000 imeyeyuka kwa neno moja tu ambalo halikuandikwa.

Halafu kuna hili linaloniudhi kuliko yote kwenye hizi barua, "notisi pamoja na likizo". Maana yake wamechukua siku zake za likizo alizobakiza wakazifukia ndani ya notisi, kana kwamba unaweza kuwa likizo na kwenye notisi kwa wakati mmoja. Sheria inakataza waziwazi, notisi haitolewi mtu akiwa likizo na haitembei sambamba na likizo. Ni vitu viwili na vinalipwa mara mbili. Kwenye picha ya barua kauli hii inajificha kwa namna nyingi, utakuta "utatumia siku zako za likizo zilizobaki kuanzia leo mpaka siku ya mwisho" au "likizo yako imejumuishwa" au hata kimya kabisa, hakuna mstari wa likizo. Ukikosa kuona mstari wa likizo uliosimama peke yake na idadi ya siku, weka alama nyekundu.

Nimeulizwa na mwingine vipi kama barua imetolewa leo na siku ya mwisho ni baada ya wiki mbili na umefanya kazi hizo wiki mbili. Hapo umetumikia siku 14 za notisi na unadai zilizobaki, hesabu inakuwa ya sehemu iliyopungua tu. Kwa mtunza stoo wetu alipewa barua Jumatatu akaambiwa Ijumaa ndiyo mwisho, na mtu anaweza kubishana kwamba zile siku za katikati zitolewe, ila hela ya notisi kwenye barua imewekwa kama mwezi mzima kwa hiyo mwajiri mwenyewe ameshakubali kulipa mwezi, sisi tunarekebisha tu kiwango.

Hatua ya 4: likizo

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwa humohumo ndani. Ukiondoka katikati ya mzunguko unalipwa sehemu uliyoifikia, na kanuni ni besiki ya siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi.

Watu wanaishangaa hiyo 13 imetoka wapi. Fanya hesabu utaielewa mwenyewe: siku sita kwa wiki mara wiki 52 ni siku 312 za kazi kwa mwaka, gawanya kwa 13 unapata 24. Na ukichukua siku 28 mfululizo ukatoa Jumapili nne zilizomo zinabaki 24. Ni kitu kilekile. Ndiyo maana siyo sahihi kuchukua 28 ukaigawa kwa miezi 12 kisha ukazidisha kwa thamani ya siku iliyotokana na 26, hapo utajizidishia na mwenye hesabu upande wa pili atakukamata.

Mzunguko wa likizo unaanza tarehe uliyoajiriwa na siyo Januari, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Huyu mzunguko wake ulianza 3 Septemba 2024, ambayo ilikuwa Jumanne. Kutoka hapo mpaka 14 Februari 2025 ni siku 165 za kalenda, sawa na wiki 23 na siku nne. Wiki 23 mara sita ni 138, ongeza zile nne za Jumanne mpaka Ijumaa, unapata 142.

```
142 / 13 = 10.92
10.92 (desimali zote) x 20,000 = 218,462
```

Angekuwa ameshachukua siku kadhaa za mzunguko huu tungezitoa. Hapa angalia unachotoa, kama alichukua wiki moja ya likizo kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili hiyo ni siku 7 za likizo kwenye kitabu lakini ni siku 6 za kazi, na sisi tunahesabu kwa siku za kazi.

Likizo za miaka ya nyuma ambazo hukuchukua ni habari nyingine na hapa lazima niwe mkweli. Sheria inataka likizo ichukuliwe ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 kama ulikubali mwenyewe na kazi ilidai hivyo. Siku zilizolala kupita hapo zinaweza kukataliwa. Kwa hiyo usiende na madai ya likizo za miaka minne ukadhani ni fungu la uhakika, tafuta kwanza karatasi, fomu ulizojaza kuomba likizo zikakataliwa, barua pepe ya bosi anayekuambia subiri mwezi ujao. Bila hizo unabaki na maneno matupu.

Hatua ya 5: kiinua mgongo

Angalau siku 7 za besiki kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na lazima uwe umefikisha miezi 12 mfululizo kazini. Uliyefanya miaka 17 unalipwa ya 10 isipokuwa mkataba au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yameweka zaidi, kwa hiyo soma mkataba wako kabla hujakata tamaa. Miezi inayoning'inia haihesabiki, miaka 6 na miezi 11 bado ni 6.

Barua inasema miaka 5. Kwa nini 5? Picha haituambii ila tunaweza kukisia kwa tarehe. Kutoka 4 Machi 2019 alipothibitishwa mpaka 14 Februari 2025 ni miaka 5 na miezi 11. Kutoka 3 Septemba 2018 alipoingia ni miaka 6 na miezi mitano. Wameanzia kwenye kuthibitishwa. Lakini kipindi cha majaribio ni ajira, alikuwa anakuja kazini na analipwa, na sheria inaangalia utumishi usiokatika na siyo barua ya kuthibitishwa.

```
7 x 20,000 x 6 = 840,000
```

Badala ya 606,667. Makosa mawili madogo yamekaa kwenye mstari mmoja, mwaka mmoja uliopotea na kigawanyo cha 30, na pamoja yamekula zaidi ya laki mbili na thelathini.

Ujanja mwingine wa kuangalia hapa ni kampuni inayosainisha watu mikataba mipya kila mwaka bila kukata kazi hata siku moja kisha mwishoni inahesabu mkataba wa mwisho tu. Kama unayo hiyo mikataba yote itafute, kila mkataba ni ushahidi.

Hatua ya 6: makato

Haya ya advansi hayana shida. Alichukua 150,000 Januari, alisaini fomu akikubali ikatwe, deni liko kwenye maandishi, linakatwa. Vilevile mkopo wa kampuni wenye makubaliano uliyosaini. Michango na kodi vinakatwa kwa mujibu wa sheria, nitarudi huko.

Shida ni huo "upotevu wa stoo 410,000". Mwajiri hawezi kuamka tu akaandika namba. Ili akukate kwa hasara lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akuandikie chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokipata hicho kiasi, akupe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na jumla ya makato ya aina hiyo isizidi robo ya ujira wako wa fedha. Kwa ujira wa 640,000 robo ni 160,000. Sasa hata kama hasara ingekuwa ya kweli na taratibu zote zimefuatwa, 410,000 kwa mkupuo imeshavuka.

Nilimuuliza jamaa, "Uliwahi kupewa barua yoyote ya hasara kabla ya hii?"

Akajibu, "Hapana kaka, nimeiona hapohapo kwenye barua. Walifanya stoktek Desemba nikasikia tu kuna upungufu."

Hiyo ndiyo picha ya kawaida. Kwa hiyo kwenye hesabu yetu 410,000 inatoka nzima, na kama mwajiri anaamini ana haki aanze utaratibu upya kwa maandishi.

Makato mengine ya kutilia shaka ni yale yasiyo na maelezo, "mengineyo", "marekebisho", gharama za sare, au simu ya kampuni ambayo uliirudisha na ukasaini kitabu. Kila unaporudisha kitu cha kampuni piga picha ukurasa uliosaini, inakusaidia baadaye.

Kodi sasa. PAYE inahusika na malipo haya, usije ukadhani hela ya kuondoka haikatwi. 270,000 za mwanzo kwa mwezi hazina kodi, kisha viwango vinapanda mpaka 30% kwa kinachozidi milioni moja, na kwa sababu stahiki zote zinamwagwa ndani ya mwezi mmoja unajikuta umepanda kwenye daraja ambalo hukuwahi kulifika. Mchango wako wa NSSF ni 10% ya mshahara. Ninachosisitiza ni kwamba barua ikiandika "kabla ya kodi" uombe mchanganuo wa pili wenye namba ya kodi na namba ya mchango kila moja mstari wake, kisha baada ya mwezi mmoja au miwili angalia taarifa yako ya michango uone kama ile ya Februari imeingia kweli. Kukata ni kitu kimoja, kupeleka ni kingine.

Weka pamoja

```
siku 12 za Februari     295,385
notisi                  640,000
likizo                  218,462
kiinua mgongo           840,000
jumla                 1,993,847
toa advansi             150,000
kabla ya kodi         1,843,847
```

Barua ilisema 862,052. Tofauti ni 981,795, karibu milioni nzima kwa mtu wa besiki ya laki tano na ishirini. Na ona kwamba hakuna mstari uliokuwa uongo wa moja kwa moja, kila mmoja umemegwa kidogo tu.

Kabla hujafunga hesabu uliza vitu viwili ambavyo havikaagi kwenye jedwali. Cheti cha utumishi ni haki yako hata kama mmeachana kwa ugomvi. Na kama uliajiriwa ukiwa sehemu nyingine ukaletwa hapo ulipo, mwajiri anatakiwa akusafirishe kurudi ulikoajiriwa au akulipe gharama, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Mtunza stoo wetu aliajiriwa palepale mjini kwa hiyo hii haikumhusu.

Kusaini na kudai

Ukiletewa barua usaini, usikimbie, kukataa kusaini hakuzuii chochote. Ila pembeni ya saini andika "Nimepokea tarehe fulani, sikubaliani na hesabu ya malipo", kisha piga picha nakala yenye hayo maneno. Kuwa makini na karatasi ya pili inayokuja na hundi ikisema umelipwa kila kitu na huna dai lolote, hiyo soma mara mbili.

Andika barua fupi ya pingamizi, ukurasa mmoja unatosha, mistari minne: kigawanyo cha 26, ujira kamili wa notisi, likizo isimame peke yake, miaka 6. Wa tano ni makato ya stoo. Ambatanisha salari slipu na mkataba wa kwanza. Afisa utumishi wengi wakiona umekokotoa mpaka desimali wanarekebisha kimyakimya, huyu jamaa alirudishiwa notisi, likizo na mwaka wake wa sita ndani ya wiki, wakabaki wanabishania makato tu.

Wakigoma unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu inaitwa CMA F.1. Na hapa ndipo zile tarehe tatu zinarudi. Kama unapinga kuachishwa kwenyewe kwamba si halali una siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Kama unadai hela tu una siku 60 tangu mgogoro uanze. Kwa siku ya mwisho ya 14 Februari, siku 30 zinaisha 16 Machi ambayo ni Jumapili, kwa hiyo usisubiri mpaka hapo, na 60 zinaisha 15 Aprili. Mazungumzo ya "njoo wiki ijayo tutaangalia" hayasimamishi hizo siku. Unaweza kuomba ruhusa ya kuchelewa ukiwa na sababu nzito lakini hiyo ni vita nyingine kabla ya vita yenyewe. Jamaa aliingiza fomu yake ya makato ya stoo tarehe 3 Machi, huku barua za pingamizi bado zinakwenda na kurudi.